ASILIMIA 9 YA SIMU SI NDOGO



Wako wanaosema: "Sheikh, mkopo wa simu hauna riba, ni ada ya huduma tu, asilimia 9. Benki wanataka 18!" Ndugu yangu, 18 ya benki ni ya mwaka mzima. Hiyo 9 ni ya siku 30.

Tupige hesabu. Mchuuzi wa samaki hapa Kilambo kakopa 20,000, ada 1,800. Gawa ada kwa mkopo, unapata 0.09. Zidisha kwa 365, kisha gawa kwa siku za mkopo, 30. Jibu ni 1.095, yaani asilimia 109.5 kwa mwaka! Akikopa hivyo miezi 12, atalipa ada 21,600 kwa ile ile 20,000. Na akiwahi kulipa siku ya 10 ilhali ada haipungui, inafika asilimia 328.5.

Msidanganywe na jina. Kazi ya kutuma 20,000 na ya kutuma 200,000 ni moja. Ada ikipanda kwa ukubwa wa deni, hiyo si ujira wa kazi, ni bei ya pesa. Nayo ni riba, hata ingekuwa asilimia 1.

Allah atuepushe nayo. Mfikishie na mwenzako.