Ukigundua umemwandikia mteja tarakimu yenye kosa, mwambie kabla hajaiona mwenyewe

Leo siongelei picha wala namna ya kupata wafuasi. Naongelea ujumbe mmoja ambao wengi wetu tunaukwepa: kumwambia mteja kwamba kazi uliyomkabidhi, na akakulipa, ina kosa.

Pamoja na biashara yangu ndogo hapa Kibiti, huwa nawaandikia wenzangu bei na maelezo ya bidhaa kwa Kiingereza. Mtu ananitumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, mimi namrudishia karatasi ya bei ya kumtumia mnunuzi. Kazi yenyewe ni ya elfu kumi na tano. Lakini tarakimu iliyomo ndani inaweza kubeba mzigo wa milioni.

Mteja wangu ni mama mmoja wa Mbwera, kule delta, anayeuza kamba wakavu. Alipata mnunuzi Dar es Salaam, mwenye mgahawa, asiyejua Kiswahili. Mama akanitumia sauti: ndoo moja laki na nusu, ila akichukua kuanzia kumi, "laki na tatu kila ndoo". Mnunuzi alishasema anataka ndoo kumi na mbili. Nikaandika 150,000 kwa ndoo moja, na 103,000 kwa kuanzia kumi. Nikamtumia mama, mama akamtumia mnunuzi.

Siku nne baadaye nilikuwa nafanya kazi ya mtu mwingine. Kwenye simu akanitajia "laki na mbili", na nilipomuuliza akasema, "Laki na ishirini bwana, mia na ishirini elfu." Nikashtuka. Nikarudi kwenye sauti ya mama, nikaisikiliza mpaka mwisho, maana mara ya kwanza niliikatisha nilipoona nimepata bei. Mwishoni kabisa anasema: "Hapo nishampunguzia elfu ishirini." Kutoka 150,000 ukitoa 20,000 unapata 130,000. Haipatikani 103,000.

Tatizo liko kwenye maneno yetu wenyewe. Laki ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, maana yake 100,000, na tunalitumia kila siku. Kiingereza cha mnunuzi wa kigeni kwa kawaida hakina neno hilo, kwa hiyo anayetafsiri analazimika kupiga hesabu kichwani. Sasa mtu akisema "laki na tatu", mmoja anamaanisha 103,000 na mwingine anamaanisha 130,000, kama vile mtu anavyosema "milioni moja na mbili" akiwa na maana ya milioni moja na laki mbili. Sisi kwa sisi tunaelewana kwa sababu tunaijua bidhaa na tunajua bei zake. Kwenye karatasi ya Kiingereza hakuna wa kubahatisha. Kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa.

Na dalili ilikuwepo. Mtu anayeuza ndoo 150,000 hawezi kushusha mpaka 103,000 kwa sababu tu umechukua kumi. Hilo ni punguzo la karibu theluthi moja ya bei. Ningetulia dakika moja ningeliona.

Hesabu ya kosa ni hii. Ndoo 12 kwa 130,000 ni 1,560,000. Ndoo 12 kwa 103,000 ni 1,236,000. Tofauti ni 324,000. Kwa mtu anayenunua kamba kwa wavuvi, akaanika, akalipa boti mpaka Nyamisati na gari kutoka hapo, hiyo 324,000 inaweza kuwa ndiyo faida yote.

Nilimwambia rafiki yangu anayefanya kazi kama yangu. Akasema, "Mtumie karatasi mpya, mwambie umeiboresha kidogo. Hatauliza." Hapo ndipo ninapopingana na wengi. Ukifanya hivyo, mama atabaki na karatasi mbili za jina moja na bei tofauti, bila kujua kwa nini. Mnunuzi tayari anayo ya kwanza. WhatsApp inakuruhusu kurekebisha maneno ndani ya dakika 15 tu, na hata ukifuta ulichotuma wewe, nakala ambayo mteja alishaipeleka kwa mtu mwingine inabaki kwake. Siku mnunuzi akiziona bei mbili, atakayeonekana mjanja ni mama. Wewe uliyekosea hutakuwepo hapo.

Kuna sababu ya pili ya kuharakisha, nayo ni ya kisheria. Karatasi ya bei iliyoandikwa kwa mnunuzi mmoja, kwa mzigo anaoutaka, inaweza kuchukuliwa kuwa pendekezo la mkataba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaruhusu aliyetoa pendekezo kulifuta kabla mwenzake hajakamilisha kulikubali. Akishakubali, mambo yanabadilika, kwa sababu mkataba hauvunjiki kwa vile tu upande mmoja ulikosea jambo. Kwa lugha ya sokoni: kabla mnunuzi hajasema "nimekubali, leta", mama anaweza kurekebisha bei yake. Baada ya hapo anaomba huruma. Kila saa niliyokaa nikitafuta maneno mazuri ilikuwa inatoka kwenye muda wa mama.

Nikamwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Kwenye karatasi ya bei niliyokupa Jumatatu kuna kosa langu. Mstari wa pili, bei ya kuanzia ndoo kumi, nimeandika 103,000. Wewe ulisema laki na tatu ukiwa na maana ya 130,000. Kwa ndoo 12, mnunuzi anaona pungufu ya 324,000. Kosa ni langu, sikusikiliza sauti yako mpaka mwisho. Naomba radhi. Bei nyingine zote nimezirudia upya na ziko sawa. Karatasi iliyosahihishwa hii hapa, juu nimeandika IMESAHIHISHWA na tarehe ya leo. Tafadhali usiitumie tena ile ya kwanza. Naomba uniambie jambo moja: mnunuzi ameshakubali bei? Kama bado, nimekuandalia na maneno mafupi ya Kiingereza ya kumwambia. Sijawasiliana naye, uamuzi ni wako. Malipo yako ya elfu kumi na tano nakurudishia leo."

Nieleze kwa nini nilipanga hivyo. Kosa liko mwanzoni, baada ya salamu tu, kwa sababu kule delta mtandao si wa kutegemea, na mtu anaweza kusoma mstari wa kwanza akiwa anapanda boti. Kwa sababu hiyohiyo nilimtumia na ujumbe mfupi wa kawaida, wenye tarakimu mbili tu: iliyokosewa na iliyo sahihi. Nimetaja mstari wenyewe, ili asianze kuitilia shaka karatasi nzima. Na kabla ya kuandika kwamba bei nyingine ziko sawa, kweli nilikaa nikasikiliza sauti yote upya. Hakuna aibu kama kutuma sahihisho leo na sahihisho la sahihisho kesho.

Radhi niliomba mara moja. Mtu akiomba radhi mara tano kwenye ujumbe mmoja, mteja anajikuta anambembeleza yeye badala ya kushughulikia mzigo wake. Tena sikuandika "hitilafu ndogo" wala "usumbufu wowote uliojitokeza". Kama ni ndogo au kubwa, mwenye kusema ni yule ambaye pesa ni zake. Na sikumlaumu kwa kusema "laki na tatu", ingawa kishawishi kilikuwepo. Yeye alizungumza Kiswahili chake sawasawa. Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu.

Kwa mnunuzi sikugusa. Namba yake ninayo, lakini ni mteja wa mama. Huenda mama angeamua kumwachia bei ile mara moja ili asimpoteze. Ningekuwa nimemwamulia.

Maneno niliyomwandalia kwa Kiingereza yalikuwa na maana hii: karatasi ya bei uliyopokea ina kosa la tafsiri kwenye bei ya ndoo kumi na kuendelea, bei sahihi ni 130,000, iliyosahihishwa imeambatanishwa, kosa ni la mtafsiri, si la muuzaji. Sentensi ya mwisho niliiweka makusudi. Mnunuzi asipoambiwa bei imepanda kwa nini, atafikiri mama ameona ana haraka ndiyo akapandisha.

Mama alinijibu jioni, alipofika penye mtandao. "Marahaba mwanangu. Huyo hajakubali, alisema atanijibu Jumamosi. Nishamtumia." Halafu akaongeza: "Mbona mwenyewe niliiona hiyo namba nikadhani ndivyo Kiingereza kinavyoandikwa." Maneno hayo yaliniuma kuliko angenigombeza. Aliniamini mimi kuliko macho yake.

Mnunuzi alichukua ndoo kumi badala ya kumi na mbili, kwa 130,000. Siwezi kusema kosa langu halikugharimu kitu. Ndoo mbili zilibaki, na labda ni kwa sababu ya bei ile aliyoiona kwanza.

Mtu ataniuliza: je, angekuwa ameshakubali 103,000, ungelipa 324,000? Jibu langu la kweli ni kwamba nisingeweza kuilipa yote kwa mkupuo, na nisingeahidi. Ahadi usiyoiweza ni kosa la pili juu ya la kwanza. Ningerudisha malipo yangu, ningemwandikia mnunuzi barua ya kukiri kwa jina langu ili mama aombe bei irekebishwe, na ningekaa na mama tuzungumze nibebe kiasi gani na kwa awamu ngapi. Wapo watakaosema mtafsiri arudishe malipo yake tu yaishe. Mimi naona elfu kumi na tano haiwezi kuwa mwisho wa mazungumzo ya laki tatu na ushee.

Tangu siku ile kila bei ninayoisikia naiandika kwa tarakimu na kumrudishia mteja kabla sijatafsiri: "Mama, laki na tatu, yaani 130,000?" Anajibu ndiyo au hapana, basi. Na kwenye karatasi naandika tarakimu pamoja na maneno yake, pia jumla ya mzigo wote, kwa sababu mtu asiyejua Kiingereza bado anaijua jumla yake. Mama angeona 1,236,000 pale chini, angenipigia simu siku ileile.