Mtandao wa wachumba: Je, anayekuandikia ni mtu au chambo?

Kijana wa Kerende, wilayani Tarime, anajiunga na mtandao wa kutafuta wachumba. Hajaweka picha wala kuandika lolote kumhusu. Kabla dakika kumi hazijapita, wanawake watano "walio karibu nawe" wamemsalimu. Kuona majina yao ni bure, lakini kujibu ni mpaka alipie. Je, hao ni wanachama kweli?

Kesi moja ya mwaka 2014 inatoa mwanga. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki JDI Dating, kampuni ya Uingereza iliyoendesha mitandao 18 ya aina hiyo. Mtu alijiandikisha bure, na papo hapo akaanza kupokea ujumbe wa watu walioonekana kuishi jirani naye. Ili ajibu, alitakiwa kulipa dola 10 hadi 30 kwa mwezi, na malipo yakaendelea kukatwa bila ridhaa yake. Kwa mujibu wa FTC, karibu ujumbe wote huo ulitoka kwa wanachama wa kubuni, waliotengenezwa na kampuni na kuendeshwa na kompyuta. Kilichowatofautisha na watu halisi ni alama ndogo ya herufi VC, ambayo si rahisi mtu kuitilia maanani. Kampuni ilikubali kulipa dola 616,165.

Kesi hiyo inatufundisha tuangalie ujumbe unakuja lini. Mtu halisi huvutiwa na kitu: picha, kazi, maneno uliyoandika. Anayeandikia ukurasa mtupu hajavutiwa na chochote. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, acha ukurasa wako bila picha kwa siku mbili. Salamu zikimiminika, hiyo ni dalili ya kwanza.

Kisha badilisha makazi yako, uandike Mbeya. Watu wa kweli wa Mara watabaki Mara. Sura zile zile zikihamia Mbeya pamoja nawe, basi mahali pao panajazwa na kompyuta kwa kufuata ulichoandika. Soma pia masharti ya matumizi, kwani baadhi ya mitandao hukiri humo kwamba ina wanachama wa "burudani".

Vipimo hivi vina mpaka wake. Vinaufichua mtandao unaobuni wanachama, lakini havimfichui tapeli aliyejiunga na mtandao halali kama wewe. Huyo ni binadamu, anajibu vizuri, na ombi lake la nauli au la mgonjwa huja baada ya wiki kadhaa. Kwake kipimo ni kuonana kwa simu ya video, au kukutana mahali penye watu, kabla hujatuma hata shilingi. Akiomba pesa kwa simu, namba yake unaweza kuiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.