Hofu Inapovamia Ndani ya Basi: Zoezi la Milango Mitano ya Fahamu



Wapo katika familia zetu watu waliokwisha acha kupanda basi, na wengi wao hawajamwambia yeyote sababu. Binti huanza kukosa vipindi vya asubuhi chuoni. Mama huahirisha kliniki yake mara ya pili, kisha ya tatu. Ukiuliza utaambiwa ni uchovu au nauli. Ukichunguza kwa upole, utagundua kwamba siku moja, katikati ya msongamano wa abiria, alishikwa na hofu ya ghafla kubwa mno hata akadhani anakata roho, na tangu siku hiyo anaogopa kurudi pale ilipomkuta. Juma hili tumekusudia kueleza zoezi moja linaloweza kumsaidia mtu wa namna hiyo akiwa bado ndani ya gari, yaani zoezi la milango mitano ya fahamu.

Kwanza tuielewe hofu yenyewe. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ukiwa na namna ya kujihami. Hatari inapotokea, homoni ya adrenalini humwagwa katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na pumzi huwa za haraka ili mtu aweze kukimbia au kupambana. Wakati mwingine kengele hiyo hulia bila ya hatari ya kweli. Ndani ya basi lililojaa, joto, kubanwa na kutoona njia ya kutokea hutosha kuiamsha. Abiria huanza kuhema haraka haraka huku amesimama pale pale, na kwa kuhema huko hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua mno katika damu yake. Ndipo vidole hufa ganzi, kichwa huwa chepesi na kifua huhisi kubanwa. Naye akiyaona hayo husema moyoni, “Nakufa,” na neno hilo huiongezea kengele nguvu. Hofu huzaa dalili, na dalili huzaa hofu.

Zoezi hili hufanya kazi mahali hapo penye mzunguko. Mtu aliyeshikwa na hofu huwa ameyageuza macho yake yote ndani: anasikiliza moyo, anapima pumzi, anasubiri kuanguka. Zoezi humtoa huko na kumrudisha nje, kwenye vitu vilivyopo kweli mbele yake. Mpangilio wake ni rahisi kukumbuka: vitu vitano vya kuona, vinne vya kugusa, vitatu vya kusikia, viwili vya kunusa, na kimoja cha kuonja.

Tuchukue mfano wa dada aliyepanda daladala Mbagala Rangi Tatu akielekea Kariakoo, saa moja ya asubuhi. Amesimama katikati, mkono mmoja juu kwenye bomba, mkoba ameukumbatia kifuani. Kabla ya kufika Mtoni gari linasimama kwenye foleni, upepo wa madirishani unakatika, na mara moyo unaanza kupiga kwa kishindo. Jambo la kwanza asivute pumzi kubwa kubwa, kwani huko ndiko kuuongeza ule upungufu tuliokwisha utaja. Na avute pumzi ya kawaida kwa puani, kisha aitoe polepole, kwa muda mrefu kuliko alioivuta. Baada ya pumzi mbili tatu za namna hiyo, aanze.

Macho yakiwa wazi, atafute vitu vitano na avitaje kimoyomoyo, kila kimoja pamoja na sifa yake. Kusema “dirisha” hakutoshi. Aseme, “Dirisha lenye ufa pembeni. Kiti chenye kitambaa cha buluu kilichochanika. Parafujo nne kwenye ubao wa juu, moja ina kutu. Mkoba wa mtoto wa shule wenye zipu nyekundu. Tone la maji linaloshuka kwenye kioo.” Sifa hizo ndizo zenye faida, kwa sababu akili haiwezi kuchunguza kutu ya parafujo na wakati huo huo ikazama yote katika mapigo ya moyo. Wala hakuna haja ya kukazia watu macho. Vitu vya gari na vilivyo nje ya dirisha vinatosha, na heshima ya kila mmoja imehifadhika.

Kisha vinne vya kugusa, navyo viwe vyake mwenyewe. Ubaridi au ujoto wa bomba alilolishika. Uzito wa miguu yake juu ya sakafu, na mtetemo wa injini unaopanda kupitia nyayo. Pindo la mtandio kati ya vidole viwili. Kamba ya mkoba begani. Mwenye tasbihi mfukoni na aishike punje moja, ahisi ulaini wake na tundu lililopita uzi. Hatua hii wengi huiona kuwa yenye nguvu kuliko zote, hivyo akae hapo kwa muda bila ya kuharakisha.

Vitatu vya kusikia: konda anayegonganisha sarafu, honi ya pikipiki, abiria anayezungumza kwa simu kiti cha nyuma. Asijaribu kuzizuia kelele zile zilizokuwa zikimtisha. Azitenganishe moja moja, kwani kelele iliyopewa jina huacha kuwa ghasia.

Viwili vya kunusa huwa na tatizo lake ndani ya basi, kwa kuwa harufu ya jasho na moshi wa dizeli yaweza kumtia kichefuchefu. Kwa hiyo ajiandae kabla ya kutoka nyumbani. Punje mbili za karafuu zilizofungwa katika leso, au kipande cha ganda la ndimu, zatosha. Asiyekuwa nacho anuse kitambaa cha mtandio wake, huenda bado kina harufu ya sabuni.

Mwisho ni kimoja cha kuonja: iliki moja, peremende, au funda la maji. Mwenye kufunga hahitaji kutia chochote kinywani. Ataichunguza tu ladha iliyopo ulimini, kama ni ukavu au uchachu, na hatua itakuwa imetimia.

Akimaliza na hofu bado ipo, aanze tena na vitu vingine vitano. Hofu ya namna hii hupanda kwa haraka, kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha huanza kushuka. Kinachotakiwa ni kuwa na kazi ya kufanya mpaka ishuke.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu hutaja vitu vitano kwa pumzi moja kama anayehesabu fedha, halafu hujiuliza, “Je, imeondoka?” Swali hilo humrudisha ndani kule kule alikotoka. Mwingine hushika mshipa wa mkono kila baada ya muda kupima moyo. Mwingine hufumba macho, na gizani humo hubaki yeye na hofu yake peke yao. Alama ya kuwa zoezi linafanya kazi si kwamba moyo umetulia. Alama ni kwamba ameweza kusikia konda akitaja kituo, ameona gari limetembea, ameweza kutaja kitu kinachofuata. Moyo utafuata baadaye, kwa kasi yake.

Vile vile asiteremke kila hofu inapokuja. Akishuka, nafuu huja papo hapo, lakini mwili hujifunza kwamba aliokoka kwa sababu alitoka, na safari ya pili kengele italia mapema zaidi. Akibaki mpaka ikashuka yenyewe, mwili hujifunza kwamba ndani ya basi hapakuwa na cha kumuua.

Aliyeketi kando yake anaweza kumsaidia. Asimwambie, “Acha kuogopa,” wala asimwite mbele ya watu kuwa hana imani. Amwambie kwa sauti ya chini, “Mama, nipo nawe. Nitajie vitu vitano unavyoviona.” Akitaja “kiti,” amuulize, “Kina rangi gani, mama?” Maswali mepesi ya namna hiyo humvuta nje taratibu.

Wapo watakaouliza, je, dhikri haitoshi? Hatuoni mgongano baina ya viwili hivi. Muislamu aliyekwisha soma dua ya safari na anayemtaja Mola wake hazuiwi kuutumia mwili aliopewa. Anayetaka aseme “Subhanallah” kwa kila kitu anachokitaja, na ulimi wake uende pamoja na macho yake. Abu Zaid al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masaalihul Abdaan wal Anfus, ambamo ameyashughulikia maradhi ya mwili na ya nafsi bega kwa bega. Humo amenasihi kwamba, kama ambavyo mtu mzima wa afya huweka dawa karibu kwa ajili ya dharura, vivyo hivyo aweke akilini, wakati ametulia, fikra njema za kumsaidia nafsi itakapochafuka. Nasi twausia hivyo hivyo kwa zoezi hili. Lifanyike nyumbani kwanza, barazani baada ya Alasiri, mara moja kwa siku kwa juma zima, kisha katika safari fupi saa ambayo magari hayajajaa. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya hofu hulisahau.

Zoezi hili lina mipaka, na familia haina budi kuijua. Maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono au taya, kuzimia, upande mmoja wa mwili kulegea, au pumzi inayotoa mlio kwa mwenye pumu, hayo si ya kuhesabia vitu dirishani. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho huenda sukari imeshuka, basi apewe kitu kitamu kwanza. Na yeyote anayeshikwa na hali hii kwa mara ya kwanza apimwe na daktari kabla ya kuhukumu kwamba ni hofu.

Ikiwa hofu inajirudia, au mtu amekwisha acha shule, kazi au kliniki kwa ajili yake, zoezi peke yake halitoshi. Humvusha mtu katika dakika zile ngumu, lakini haliondoi maradhi. Hospitali kubwa, kama vile Muhimbili, zina idara za afya ya akili, na mgonjwa husaidiwa kwa mazungumzo na kurudishwa kwenye basi hatua kwa hatua, pengine na dawa pia. Anayesomewa ruqya na aendelee kusomewa, ila asizuiwe kumwona daktari. Nyumba inayosema “ni jini tu” ikaishia hapo huenda inamnyima binti yao matibabu yaliyo karibu.

Basi, mwenye nyumba, leo usiku mwulize kwa faragha yule aliyeacha kupanda basi. Usimwulize kwa nini haendi. Mwulize ni nini kilimpata siku ile ya mwisho.

Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.