Namba 0.96 haisemi kwamba klorini inaharisha

Kila mwaka mvua zinapokolea hapa Kigoma, maneno yale yale hurudi kwenye foleni za maji: klorini inaharisha. Mara hii wapo wanaosema hata kompyuta imethibitisha. Kwa maoni yangu kompyuta haikuthibitisha jambo hilo, na ni vizuri ujue kwa nini kabla hujamwaga maji yako na kwenda kuchota kijitoni.

Tuchukue namba za mfano. Mtunza takwimu ameandika wiki sita katika Excel. Safu ya B ni ndoo na madumu yaliyotiwa klorini bombani kila wiki: 200, 300, 500, 800, 900, 900. Safu ya C ni wagonjwa wa kuhara waliofika kwenye zahanati wiki hizo hizo: 12, 11, 25, 30, 44, 40. Kisha anaandika:

```
=CORREL(B2:B7,C2:C7)
```

Jibu ni 0.96. Kipimo hiki huanzia -1 na kuishia 1. Kikikaribia 1, maana yake safu mbili zinapanda na kushuka pamoja. Kikikaribia 0, hazifuatani kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo 0.96 ni kubwa kweli, na hesabu haina kosa. Klorini ilipozidi, wagonjwa nao walizidi.

Sasa mwambie ageuze, C ianze na B ifuate:

```
=CORREL(C2:C7,B2:B7)
```

Jibu ni lile lile, 0.96. Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Kama namba ingejua nani anamsukuma mwenzake, ingebadilika tulipozigeuza safu. Haikubadilika kwa sababu haijui. Anayesema klorini inaleta kuhara na anayesema kuhara kunaleta klorini wote wanashika namba moja.

Na ukweli ni kwamba huyo wa pili yuko karibu zaidi. Mvua ikinyesha sana, vyoo hujaa, maji machafu hutiririka hadi kwenye madimbwi na visima vya wazi, na kuhara huongezeka. Wahudumu wa afya wakiona daftari la zahanati limeanza kujaa, hupeleka watu wengi zaidi mabombani kutia klorini ndoo kwa ndoo. Mvua haimo katika safu ya B wala ya C, lakini ndiyo iliyozipandisha zote mbili.

Wengine hushauri tulinganishe klorini ya wiki hii na wagonjwa wa wiki inayofuata, ili tuone nani alitangulia. Katika namba zetu jibu bado ni 0.94. Haishangazi: mlipuko unapokua wiki hadi wiki, kila kinachokua pamoja nao kitafuatana nao, hata ukikisogeza. Wiki sita nazo ni chache mno.

Njia inayofaa ni kulinganisha nyumba na nyumba katika wiki moja, chini ya mvua ile ile. Kwa kila mgonjwa, mhudumu anachagua jirani wawili wasiougua, wenye umri unaokaribiana na wake, kisha anapima maji ya nyumba zote tatu. Anatia kidonge cha DPD katika kichupa chenye maji kidogo. Maji yakigeuka pinki, klorini ipo, na rangi ikikolea ndivyo ilivyo nyingi. Kiasi kinachotakiwa ni miligramu 0.2 hadi 0.5 katika lita moja. Kama klorini ndiyo inayoharisha, madumu ya wagonjwa yatakuwa na pinki iliyokolea kuliko ya majirani. Kama inakinga, itakuwa kinyume. Hata hapa pana mtego, kwani aliyeugua jana huenda leo ameanza kutibu maji, ndiyo maana ni lazima aulizwe alikunywa maji gani siku chache kabla ya kuugua.

Ninaelewa chuki ya harufu yake. Maji yaliyotiwa klorini huachwa dakika 30 kabla ya kunywa, na mtu anayekunywa bombani papo hapo huonja ukali wake wote. Lakini ladha mbaya na kuharisha ni mambo mawili.

Nawaomba pia watunza takwimu: mkibandika ubaoni namba ya CORREL peke yake, bandikeni na wiki zenyewe, na kando yake siku ambazo mvua ilinyesha. Mzazi yeyote anayejua kusoma ataona mvua imetangulia.

Na wewe, mhudumu akija kupima dumu lako hali nyumbani kwako hakuna anayeumwa, usimfukuze ukidhani amekosea mlango. Amekuja kwako kwa sababu wewe ndiye jirani.