Sindano ya mbuzi ni shingoni, si pajani

Tulikuwa tumeahidi kuendelea na hesabu ya akiba za vikundi, lakini tunaomba ingoje kidogo, kwa sababu kuna jambo lililotupata ambalo linafaa lifike kwenu kabla msimu wa sikukuu haujaanza na mbuzi kuuzwa.

Kikundi chetu kilimuuza beberu mmoja mzuri, mwenye afya. Mnunuzi alimchinja siku ile ile, na jioni akarudi kwetu amebeba paja la nyuma ndani ya mfuko. Alipolikata alikuta ndani yake jipu kubwa kama ngumi ya mtoto, limejaa usaha mzito, na nyama ya pembeni imekuwa ngumu na nyeupe kama kamba. Ilibidi tumrudishie sehemu ya pesa. Tulipokumbuka vizuri, paja lile ndilo tulilokuwa tumempiga sindano miezi miwili kabla, wakati alipokohoa, tena kwa sindano ambayo ilikuwa imekwisha kupita katika mbuzi wengine wanne.

Wengi wetu tunapiga sindano pajani kwa sababu ndivyo tulivyoona watoto wetu wakipigwa kwenye kituo cha afya. Lakini mbuzi si mtoto. Paja lake ni nyama ya bei, ile inayotangulia kuisha kwenye meza ya mchinjaji, na ndani yake unapita mshipa mnene wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni. Ukiuchoma mshipa huo, mbuzi anaanza kuburuta mguu papo hapo, na kwato inakunjika nyuma. Vitoto vya mbuzi na mbuzi waliokonda ndio wako katika hatari zaidi, kwa kuwa nyama yao ni nyembamba. Isitoshe, hata sindano safi inaacha kovu ndani ya nyama, na kovu hilo linaweza kudumu mpaka siku ya kuchinjwa. Basi afadhali likae shingoni, mahali ambapo nyama ni ya bei ndogo na inakatwa kwa urahisi.

Shingoni penyewe si popote. Msimamishe mbuzi, mtu mmoja amshike kichwa na kumbana ukutani. Weka kiganja chako ubavuni mwa shingo, mbele kidogo ya bega. Juu utasikia kamba ngumu inayokwenda na mgongo wa shingo. Chini utasikia mifupa ya shingo. Nyuma kuna bega. Katikati ya vitu hivyo vitatu kuna pembetatu ya nyama laini, na hapo ndipo pa kuchoma. Ukishuka chini ya mifupa unaingia kwenye mishipa ya damu na koo.

Sasa tofauti ya sindano mbili. Ile ya ndani ya nyama inaingia wima, moja kwa moja. Kwa mbuzi mkubwa urefu wa sentimita 2 na nusu unatosha. Kabla ya kusukuma dawa, vuta kidogo kishikio cha bomba nyuma. Damu ikionekana, uko ndani ya mshipa: toa, badilisha sindano, choma mahali pengine. Ile ya chini ya ngozi ni namna nyingine kabisa. Unainua ngozi kwa vidole viwili, nyuma ya kiwiko juu ya mbavu au shingoni pale pale, mpaka isimame kama hema dogo, halafu unapitisha sindano chini ya hema hilo, ikilala sambamba na mwili. Angalia isitokee upande wa pili. Ukiona manyoya yamelowa, dawa imemwagika nje na mbuzi hakupata kitu. Ukimaliza, sugua kidogo kwa kidole.

Ni chupa inayosema dawa iende wapi, si mazoea yetu. Ivermektini, ile ya minyoo na upele, inakwenda chini ya ngozi. Chanjo ya sotoka ya mbuzi pia ni chini ya ngozi, mililita 1 kwa kila mmoja, na mabomba yake yasioshwe kwa spiriti wala javeli, kwa sababu dawa hizo zinaiua chanjo. Tetrasaiklini ya kudumu, ile ya asilimia 20, inakwenda ndani ya nyama, na ni nzito na kali. Ndiyo iliyomuumiza beberu wetu.

Tumfanyie hesabu beberu huyo tena, kama tungefanya vizuri. Tumpime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya magunia: kilo 24. Tetrasaiklini ya asilimia 20 ni mililita 1 kwa kilo 10, kwa hiyo anahitaji mililita 2.4. Hiyo inaingia mahali pamoja bila shida. Dawa ikizidi mililita 5, igawanywe pande mbili za shingo. Ivermektini ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50, kwa hiyo yeye angepata karibu nusu mililita tu. Mtu anayejaza bomba kwa kukisia anaweza kumpa mara nne ya hiyo.

Kuhusu sindano zenyewe, angalieni rangi ya kitako chake cha plastiki. Ya waridi ni nene, inafaa dawa nzito kama tetrasaiklini. Ya njano ni nyembamba kuliko hiyo, inafaa chini ya ngozi. Kila mbuzi apate sindano yake, kwa kuwa damu kidogo inayobaki ndani ya tundu inatosha kubeba ugonjwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kama pesa hazitoshi na sindano ni za chuma, zichemsheni dakika 20 tangu maji yanapoanza kutokota, bila kuziweka kwenye dawa ya kuulia vijidudu baadaye. Sindano iliyopinda isinyooshwe, itupwe. Ikinyooshwa inakatikia ndani ya shingo, na hapo mchinjaji, au mtoto anayekula, ndiye atakayeikuta.

Kosa letu kubwa, tunalikiri, lilikuwa kwenye chupa. Tulikuwa tunachovya sindano iliyotoka kwa mbuzi mmoja moja kwa moja ndani ya dawa ya wote. Sasa tunaacha sindano moja safi imechomekwa kwenye kizibo cha mpira, tunavutia dawa kwa hiyo, kisha tunaweka nyingine kwenye bomba ndipo tunachoma. Kazi ikiisha tunaitoa kizibono. Hatuchomi pia penye matope au manyoya yaliyolowa. Huku Uvira wakati wa mvua mbuzi anakuja amejaa udongo mpaka shingoni, basi tunangoja akauke na kupanguswa.

Zilizotumika tunazitia ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko, tunaizika mbali na mahali watoto wanapokimbia miguu wazi.

Uvimbe mdogo kwa siku mbili au tatu ni kawaida. Ukiendelea kukua, ukawa moto, na mbuzi akakataa kuguswa, hilo ni jipu. Mwiteni muganga wa mifugo, msilipasue wenyewe kwenye zizi. Na siku za kungoja kabla ya kuchinja zimeandikwa kwenye chupa. Kwa tetrasaiklini ya kudumu mara nyingi ni siku 28, zikihesabiwa tangu sindano ya mwisho. Sisi tunaandika tarehe kwa kalamu ukutani, karibu na mlango wa zizi, pamoja na jina la mbuzi na dawa aliyopata. Anayetaka kununua tunampeleka asome.