Silikoni za Nywele: Ajuaye Kuzipaka Ajue na Kuziosha

Hapa Miritini siku hizi ni nadra kuingia saluni, hata ile ndogo ya mabati iliyo kando ya barabara kuu ya Nairobi, usikute safu ya vichupa vya kung'arisha nywele. Akina mama wetu waliokuwa wakipaka mafuta ya nazi na kusukwa mabutu, leo wanatiwa kondishena, kisha wanapakwa matone mawili matatu ya seramu, na nywele zinalala na kumeta kama hariri. Hilo si kosa. Kujipamba ni ada ya pwani tangu zamani. Lakini pamezuka mabishano makubwa juu ya kitu kimoja kilichomo ndani ya vichupa hivyo, nacho ni silikoni. Wako wanaosema kuwa ni sumu, na wako wanaoipaka kila siku pasi na kuiosha sawasawa. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosea, na anayelipa gharama ya makosa hayo ni mwenye nywele.

Silikoni ni nini? Asili yake ni elementi ya silikoni, ambayo hupatikana kwa wingi katika mchanga. Kiwandani huungwa na oksijeni na vitu vingine hata ikawa majimaji mazito yenye utelezi, yasiyochanganyika na maji. Unywele, ukitazamwa kwa darubini, una magamba yaliyolaliana mfano wa makuti juu ya paa. Unywele uliochomwa kwa pasi au uliotiwa dawa ya kulainisha, makuti yake huinuka na kukwaruzana. Silikoni hupita juu yake ikaweka utando mwembamba sana, na kila mwanzi ukateleza juu ya mwenziwe. Chanuo hupita bila kuvuta, nywele hazikatiki ovyo, na mwanga unaakisika. Faida hii ni ya kweli, wala si maneno ya wauzaji tu.

Basi kwa nini watu wengine wanaikimbia? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, msusi mmoja wa New York, Bi. Lorraine Massey, aliandika kitabu juu ya utunzaji wa nywele za mawimbi na za kipilipili. Aliwashauri wenye nywele hizo waache shampuu kali kwa kuwa zinazikausha. Sasa ushauri huo unaleta ushauri wa pili: ukiacha shampuu kali, yafaa uache na silikoni, kwa sababu silikoni nyingi hazitoki bila ya shampuu hiyo. Msomaji aangalie vizuri hapo. Silikoni haikukataliwa kwa kuwa ni sumu. Ilikataliwa kwa kuwa kinachoiondoa kimeachwa. Maneno hayo yalipozunguka kutoka kinywa hadi kinywa, sababu ilidondoka njiani ikabaki hofu peke yake.

Iko pia habari ya Ulaya ambayo hutajwa nusu. Ni kweli kwamba nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2020, zimewekea mpaka wa asilimia 0.1 aina mbili za silikoni nyepesi katika vitu vya kuoshwa kwa maji, na mwaka 2024 zikapitisha sheria ya kuupanua mpaka huo. Lakini sababu kubwa ni kwamba silikoni hizo hukaa muda mrefu mno katika mazingira zinapofika majini. Kwa mwenye nywele, aina hizo nyepesi ndizo zisizorundikana, kwa maana hupaa hewani baada ya muda mfupi. Kinachobaki kichwani ni ile nzito iliyochanganywa nazo.

Hiyo nzito ndiyo ya kujulikana. Mkuu wao ni dimethikoni, na nduguye dimethikonoli. Hizi haziyeyuki majini, na ndizo zinazorundikana. Iko amodimethikoni, ambayo hushikamana zaidi na sehemu ya unywele iliyoumia. Na ziko zile zilizoungwa na kitu kinachopenda maji, ambazo kwenye karatasi ya chupa hutanguliwa na herufi PEG. Nyingi kati ya hizi hutoka kwa kuoshwa hivi hivi. Asiyejua Kiingereza naye anaweza kuzitambua. Atazame orodha iliyo nyuma ya chupa na atafute maneno yanayoishia kwa herufi cone, conol au xane. Likiwa miongoni mwa maneno manne au matano ya mwanzo, silikoni ni nyingi. Likiwa mwisho kabisa, ni kidogo.

Sasa tutoe mfano ambao wenyeji wa pwani watauelewa mara moja, nao ni wa hina. Tuchukue mama wa makamo ambaye mvi zimemwingia, na kila baada ya miezi miwili hujitia hina ya majani. Mwaka huu bintiye amemzoesha seramu kila asubuhi, na hunawa kichwa kwa sabuni ya kipande na maji ya kisima. Siku mbili kabla ya arusi ya mpwawe anakanda hina yake kama kawaida, anaiacha saa nne, anaosha, na tazama: mizizi imekuwa nyekundu, lakini urefu wa nywele umeshika mabaka mabaka. Anailaumu hina, anasema imechakachuliwa. Huenda hina haina kosa. Rangi ya hina hufanya kazi kwa kushikana na unywele wenyewe. Ikikuta utando, inashikana pale tu panapopitika. Mizizi imeshika vizuri kwa kuwa ni unywele mpya na kwa kuwa mama huyu hupaka seramu kwenye ncha.

Lakini asikimbilie kuhukumu silikoni peke yake, kwani kichwani mwa mama huyu huenda mna tando mbili. Maji ya visima vyetu vingi huku bara ya Mombasa ni ya chumvi na magumu. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu haitoi povu. Hutoa ukoko mweupe unaonata, ule ule unaouona pembeni mwa beseni. Ukoko huo nao hukaa kwenye nywele. Njia ya kuzipambanua ni hii. Nywele zenye ukoko wa sabuni zikilowa hushikana na kukwaruza, na chanuo hutoka na uchafu wa kijivu. Nywele zenye silikoni nyingi zikilowa huteleza kupita kiasi mfano wa nta, maji hukaa juu yake kwa matone kabla ya kupenya, na mabutu hufumuka yenyewe. Na kama ni mafuta ya nazi tu, shashi ikibanwa juu ya nywele kavu itatoka na doa.

Dawa zake nazo ni mbili tofauti. Ukoko wa maji magumu huondoka kwa uchachu: kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita moja ya maji, zipitishe nywele, kisha suuza. Siki haiondoi dimethikoni, hata ukiimimina chupa nzima. Silikoni huondolewa na sabuni yenye nguvu ya kuinyanyua kutoka kwenye unywele na kuichukua majini. Tafuta shampuu ambayo katika maneno yake ya mwanzo mna neno sulfate. Ziko na shampuu laini zaidi zenye betaini, kitu ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya nazi, nazo pia huweza kuondoa silikoni, ila huenda zikahitaji kurudiwa mara kadhaa.

Namna ya kuosha ni hii. Lowesha nywele kwa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili kamili, kwani unywele wenye utando unachelewa kulowa. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha shampuu, ukichanganye katika kikombe cha maji, na utumie nusu yake. Anza kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, kisha shuka kwenye urefu kwa viganja bila kuzisokota nywele. Suuza. Mara ya kwanza povu litakuwa dogo, na usikate tamaa. Rudia kwa ile nusu iliyobaki. Safari hii povu litakuja kwa wingi, na hiyo ni dalili ya kwanza kwamba utando umepungua. Acha dakika moja, suuza hadi maji yatoke meupe. Dalili ya pili ni kwamba maji yanaingia nyweleni papo hapo. Mwenye kutaka kutia hina aishie hapo, asitie kondishena, na aikande hina juu ya nywele hizo safi. Asiyetia hina apake kondishena isiyo na silikoni, kwani shampuu hiyo hukausha. Kwa mwenye kupaka seramu mara kwa mara, mara moja kila wiki mbili yatosha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea mara ya pili. Nywele zikikauka wanaziona ni ngumu na ncha zimepasuka, wanasema shampuu imeziharibu, wanarudi kwenye seramu. Ukweli ni kuwa huenda uharibifu ulikuwapo tangu pasi ya mwezi uliopita, na silikoni iliusitiri tu. Ncha iliyopasuka haiungwi na kichupa chochote, hukatwa. Wengine husugua kwa magadi au soda ya kuokea. Hilo tunalikataza kwa nguvu, kwa maana vitu hivyo huinua magamba ya unywele na kuyaacha wazi, na silikoni isitoke.

Limebaki swali linaloulizwa sana na akina mama: je, josho husihi kichwa kikiwa na seramu? Hukumu ni ya wanavyuoni, nasi hatuwezi kuwatangulia. Tunalojua katika ufundi ni kwamba silikoni ya matone mawili matatu, iliyopakwa kwenye ncha, haigusi ngozi ya kichwa na utando wake ni mwembamba mno; lakini ile iliyorundikana wiki baada ya wiki, hata maji yakawa yanabiringika juu ya nywele, ni jambo jingine. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wametofautisha tangu zamani baina ya rangi au mafuta yasiyo na mwili, na kitu chenye mwili kinachozuia maji. Mwenye shaka amueleze shehe wake hali hizo mbili kama zilivyo, asiulize kwa neno moja tu la seramu. Na kuosha kabla ya josho kwaondoa shaka yenyewe.

Kwa wenye saluni, tuna ombi moja. Mteja anapopakwa, aambiwe kilichomo ni silikoni na kitatoka kwa shampuu gani. Msusi anayeuza kichupa bila maneno hayo ameuza nusu ya bidhaa.