Si kila kitu chini ya "kodi" kwenye tiketi ni kodi

Wengi wetu tukiona tiketi ya ndege imepanda, lawama zote huangukia serikali. Lakini isome tiketi yenyewe kwanza.

Chukua mfano wa tiketi ya Mombasa–Dubai, kwenda na kurudi, ya dola 430. Nauli yenyewe ni dola 200. Chini yake, kwenye safu ya kodi, kuna dola 230. Humo, dola 50 ni ada ya huduma ya abiria ambayo Kenya hutoza kila anayeondoka kwenda nje. Safari ya ndani ni shilingi 600. Tuseme dola 30 ni ada za uwanja wa Dubai. Hizo ni 80 tu. Dola 150 zilizobaki zimeandikwa YQ.

YQ, au wakati mwingine YR, si kodi. Ni nyongeza ya shirika la ndege, ambayo mwanzoni ilielezwa kuwa ya mafuta na bima, na hubaki mfukoni mwake. Shirika laweza kutangaza nauli ya chini huku pesa yake nyingine imejificha humo.

Tofauti hii huuma safari ikivunjika. Tiketi isiyorudishwa nauli, aghlabu ada za viwanja hurudishwa, maana hukuruka. YQ mara nyingi hairudi. Basi mwambie wakala akuchapishie mchanganuo kabla hujalipa, na ukikosa safari, dai ada zako mapema. Usipodai, hakuna atakayekukumbusha.